Mafuta Yakiwaka Jikoni: Mfuniko, Blanketi, Poda au Kemikali Nyevu?

Mwenye mgahawa hapa Goma akienda dukani kutafuta kizimamoto, mara nyingi huonyeshwa chupa moja tu, ile nyekundu ya poda ya kilo 6, na kuambiwa kwamba inazima kila kitu. Akirudi jikoni kwake hukuta kuna karai la mafuta ya kukaangia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, chupa ya gesi chini ya meza, mbabula inayowaka karibu na mlango, na mabidoni ya maji yaliyopangwa ukutani. Ulinganisho huu ni kwa ajili yake, na kwa kila anayesita kati ya mfuniko wa bati, blanketi la moto, poda na kile kizimamoto cha kemikali nyevu ambacho bei yake humfanya mtu aulize mara mbili.

Nianze na tukio ambalo nilikuwapo. Jumamosi moja mchana, katika jiko la mgahawa nilikofanya kazi mtaa wa Himbi, mama aliyekuwa akikaanga aliitwa nje kupokea gunia la makala. Karai lilikuwa na mafuta ya lita 8 hivi, na jiko la gesi lilikuwa limefunguliwa hadi mwisho. Alipokuwa bado mlangoni, mafuta yalianza kutoa moshi wa rangi ya buluu, kisha yakashika moto yenyewe bila cheche yoyote kuyagusa. Kijana mmoja akachomoa kizimamoto cha poda na kupiga katikati ya karai akiwa hatua mbili tu. Moto ukapotea ndani ya wingu jeupe, nasi tukadhani umekwisha. Poda ilikuwa imezima pia moto wa jiko lenyewe, na kwa kuwa hakuna aliyefunga robine, gesi iliendelea kutoka bila kuwaka. Kabla dakika haijatimia mafuta yakawaka tena, na gesi ile ikawaka pamoja nayo. Kizimamoto kilikuwa tupu. Kijana mwingine alikuwa ameshanyanyua bidoni ya maji, na yule mama alimzuia kwa sauti ambayo naisikia hadi leo: “Baba, weka hayo maji chini!” Kisha akainama, akapitisha mkono chini ya meza na kufunga robine, jambo ambalo sitamshauri mtu yeyote kulifanya, na wenzake wakasukuma sinia pana la bati juu ya karai. Kijana aliyeshika kizimamoto aliungua mkono kwa mafuta yaliyorushwa na nguvu ya poda.

Kila kosa katika tukio hilo lina sababu yake katika joto. Sambaza hukaangwa kwenye mafuta ya nyuzi 170 hadi 190 hivi. Mafuta mengi ya mimea huanza kutoa moshi yanapopita nyuzi 200 na kitu, na yakiachwa yapande hadi karibu na 350 huwaka yenyewe. Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi hufika hapo mapema zaidi, hivyo karai la Jumamosi jioni ni la hatari kuliko karai la Jumatatu asubuhi. Mafuta yakishafika kiwango hicho, yote yaliyomo karaini, juu hadi chini, yana joto la kutosha kujiwasha, na kuondoa ndimi za moto kwa sekunde kumi hakubadilishi kitu. Maji nayo ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo huzama, huchemka papo hapo, na lita moja hugeuka kuwa mvuke wa takriban lita 1,700 ambao hurusha mafuta yanayowaka hadi dari. Katika nyumba zetu za mbao, hilo maana yake ni nyumba nzima.

Vigezo vya kupimia

Nitapima kila chombo kwa maswali manne. La kwanza, je, kinapoza mafuta au kuyanyima hewa muda mrefu, au kinaondoa tu ndimi za moto? La pili, je, nguvu yake inaweza kuyarusha mafuta nje ya karai? La tatu, kinatosha mafuta ya kiasi gani? La nne, nani atakishika, na je, kitakuwa kizima siku kitakapohitajika? Bei sikuiweka kama kigezo cha tano kwa sababu hubadilika duka hadi duka, lakini mpangilio haubadiliki: mfuniko ni rahisi kuliko vyote, kemikali nyevu ni ghali kuliko vyote.

Mfuniko wa bati

Mfuniko haupozi mafuta, lakini huyanyima hewa kwa muda wowote utakaoachwa pale, na hauyarushi kamwe ukiwekwa vizuri. Namna ya kuuweka ni kuutanguliza kama ngao, ukingo wake wa chini uguse ukingo wa karai upande wako, kisha kuulaza polepole kuelekea mbele, ili moto usukumwe upande wa pili. Anayeudondosha kutoka juu huunguza mkono na kumwaga mafuta. Baada ya hapo gesi inafungwa, na mfuniko hauguswi kwa muda usiopungua nusu saa; karai la lita 8 au 10 nalipa saa nzima. Anayefunua ili kuchungulia huyapa hewa mafuta ambayo bado yako juu ya joto la kujiwasha.

Mipaka yake iko wazi. Lazima uwe mpana kuliko karai, uwe wa chuma au bati nene na si plastiki wala kioo, na uwe na mpini mrefu. Lazima pia utundikwe mahali ambapo mtu halazimiki kupita juu ya moto ili kuufikia. Nimeona mifuniko mizuri iliyotundikwa nyuma ya jiko, pale pale ambapo siku ya moto hakuna mkono unaofika. Kwa karai la hadi lita 10 ambalo moto haujatoka nje ya ukingo, mfuniko unafaa sana, na hauhitaji ukaguzi zaidi ya kuhakikisha kwamba hakuna aliyeuchukua kufunikia ndoo. Ukishaona moto umepanda ukutani au mafuta yamemwagika, mfuniko hauna kazi tena.

Blanketi la moto

Blanketi hufanya kazi ile ile ya mfuniko, na lina faida moja ambayo mfuniko hauna: linaweza kumfunika mtu aliyeshika moto nguoni. Kwa sababu hiyo peke yake ningelitaka katika kila jiko. Juu ya mafuta, hata hivyo, lina udhaifu unaopaswa kusemwa. Mvuke wa mafuta ya moto hupenya katika nyuzi za kitambaa na unaweza kuwaka upande wa juu, na kitambaa kikizama katikati ya karai pana hulowa mafuta na kuwa utambi. Kwa hiyo ni la sufuria ndogo ya nyumbani, ya lita 2 au 3, si la karai la mgahawa.

Anayelitumia hukunja ncha za juu kufunika vidole vyake, hulishika mbele ya uso, hulilaza kutoka upande wake kwenda mbele, na huliacha hapo kama mfuniko. Likishatumika kwenye moto hutupwa. Halihitaji kujazwa wala kupimwa, lakini likihifadhiwa karibu na karai kwa miaka hulowa mafuta ya moshi, na blanketi lenye mafuta halifai tena.

Poda

Poda ndiyo inayosifiwa kupita kiasi na, baada ya ajali, kulaumiwa kupita kiasi. Tuipe haki yake. Kwa makaratasi, magunia, meza ya mbao, petroli ya jenereta au moto wa gesi inayotoka kwenye mpira, poda ya ABC ni chombo cha nguvu, na jiko ambalo halina kizimamoto kingine chochote linaihitaji. Chupa ya kilo 6 hutoa poda yake yote kwa sekunde kama 15, ikitumiwa kutoka umbali wa mita 2 hadi 3.

Kwa karai la mafuta, majibu yake kwa maswali mawili ya kwanza ni mabaya. Haipozi, hivyo mafuta huwaka tena wingu likishatua. Na nguvu yake ikielekezwa kwenye uso wa mafuta huyarusha, kama ilivyomtokea yule kijana. Poda ya ABC haitengenezi tabaka lolote la kudumu juu ya mafuta. Ikiwa moto wa mafuta umeshatoka karaini na umeshika rafu na ukuta, na poda ndiyo pekee iliyopo, inaweza kutumika kwenye vile vinavyowaka pembeni ili kufungua njia ya kutokea, lakini si kwa matumaini ya kulimaliza karai.

Utunzaji wake ndio unaosahauliwa. Mshale wa kipimo uwe kwenye eneo la kijani, na chupa igeuzwe kichwa chini mara moja kwa mwezi, kwa sababu poda hushikana chini kama unga uliopata unyevu. Mjini kwetu nimeshika zaidi ya moja ambayo mshale ulisema ni nzima, lakini ilipobonyezwa ilitoa hewa tu.

Kuhusu vizimamoto vya kaboni dioksidi na vya povu nitasema kwa ufupi. Cha kaboni dioksidi ni kizuri kwa friji na swichi zinazowaka, lakini kwenye karai kina makosa yote mawili ya poda, tena kwa nguvu kubwa zaidi. Cha povu kina maji ndani yake, hivyo kisiguse mafuta ya kukaangia isipokuwa kimeandikwa herufi F, alama ya moto wa mafuta ya kupikia.

Kemikali nyevu

Hiki ndicho kizimamoto kilichobuniwa kwa ajili ya mafuta ya jikoni, na namna kinavyofanya kazi haitamshangaza mtu yeyote aliyewahi kuona sabuni ikipikwa kwa mawese na soda kostiki. Ndani yake mna maji yenye chumvi za potasiamu. Matone madogo yakigusa mafuta ya moto, chumvi hizo na mafuta hugeuka kuwa povu zito la sabuni linalofunga uso wote, na maji yale hupoza mafuta chini ya kiwango cha kujiwasha. Ni chombo pekee kati ya hivi vinne kinachojibu vizuri swali la kwanza kwa pande zote mbili.

Hakirushi mafuta kwa sababu kina bomba refu linalonyunyiza kama mvua laini. Anayekitumia husimama angalau mita moja mbali, hunyunyiza kwa kuzungusha polepole juu ya karai, na hukimaliza chote hata kama moto umezimika kabla. Mwanzoni ndimi za moto huweza kupanda ghafla, na asiyejua hilo hukiacha na kukimbia. Uwezo wake huandikwa kwa nambari na herufi F: 25F kimejaribiwa kwa lita 25 za mafuta, na chupa ya lita 6 mara nyingi huandikwa 75F. Kwa mashine ya kukaangia friti yenye lita 15, ambayo hakuna mfuniko wa mkono utakaoifunika kwa usalama, sioni cha kukilinganisha nacho.

Udhaifu wake ni upatikanaji. Hapa mjini mara nyingi huagizwa, na kikishatumika, kukijaza tena huchukua muda. Si chombo cha moto wa gesi. Na wauzaji wengine huita chochote chenye maji “cha jikoni”, kwa hiyo mnunuzi asome lebo mwenyewe: bila herufi F na nambari mbele yake, asikichukue kwa kazi hii.

Gesi: uamuzi tofauti kabisa

Watu wa Goma wanayo elimu ambayo wengine hulazimika kufundishwa: tunaijua mazuku, ile gesi ya volkano inayoua watu mahali palipo chini. Gesi ya kupikia hutenda kama mazuku kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni, huingia kwenye nyufa za mawe ya volkano na kwenye mfereji, na kujikusanya mahali palipo chini. Tofauti ni mbili: imetiwa harufu kali ili tuisikie, na inawaka. Ikifika sehemu 2 tu kati ya 100 za hewa inatosha kushika moto, na lita moja ya gesi iliyo majimaji ndani ya chupa hutoa gesi ya lita kama 250.

Ukisikia harufu bila kuona moto, hapo hakuna kizimamoto cha kuchagua. Funga robine ya chupa kama unaifikia, fungua milango, toa watu, na usiguse swichi yoyote, wala kuwasha wala kuzima. Friji huwashwa na kuzimwa na kidhibiti chake yenyewe, na katika mji ambamo umeme hukatika na kurudi bila taarifa, friji hiyo inaweza kutoa cheche wakati hakuna aliyeigusa. Kwa hiyo umeme ukatwe kwa nje ya jengo kama swichi kuu iko huko. Simu ipigwe nje. Na mbabula inayowaka ndani? Watu hutaka kuimwagia maji au kuibeba. Kama harufu ni kali, iache, toka upesi na uwazuie wengine kuingia.

Ikiwa moto unawaka kwenye mpira au detanderi, kile kidhibiti cha gesi juu ya chupa, kosa ni kuuzima huku gesi ikiendelea kutoka, kwa sababu moto unaoonekana una nafuu kuliko gesi isiyowaka inayojaa chumba. Funga robine, na moto utakufa wenyewe. Kama moto unazuia mkono kufika, hapo ndipo poda ina nafasi yake: mmoja anapiga poda, mwingine anafunga papo hapo. Kama robine haifikiki, au chupa yenyewe inalambwa na moto, hakuna chombo chochote kati ya hivi kinachofaa. Watu wote waondoke mbali, kwa kuwa chupa iliyopashwa joto inaweza kupasuka.

Mazoezi ya wafanyakazi: maelezo au mwendo?

Mgahawa mmoja hukusanya watu nusu saa na kuwaeleza, mwingine huwafanyisha. Maelezo hayagharimu kitu, na yanatosha kufundisha mambo mawili: maji hayamwagwi, na kizimamoto kipi ni cha nini. Mazoezi ya mwendo huonyesha kile ambacho maelezo hayawezi kuonyesha.

Baada ya ule moto, tulihamisha chupa ya gesi nje na kuifungia kwenye kizimba cha vyuma. Tuliona tumemaliza. Mwezi uliofuata tuliweka karai lenye maji baridi juu ya jiko lisilowashwa, mmoja akapiga kelele “Moto!”, na mwingine akahesabu kwa simu. Mfuniko ulifika baada ya sekunde 9. Robine ilifungwa baada ya dakika 3, kwa sababu kizimba kilikuwa na kufuli dhidi ya wezi na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mwenye mgahawa, aliyekuwa mezani na wageni. Siku hiyo hiyo tuliweka kitasa kinachofunguka mchana bila ufunguo, na kufuli likabaki la usiku. Mazoezi yaliyofuata yalichukua sekunde 14.

Kila mtu awe na kazi moja: wa karibu na gesi afunge, wa pili alete mfuniko au kemikali nyevu, wa tatu atoe wateja, na wa nne asimame mbele ya mabidoni ya maji ili mtu asiyafikie. Hiyo kazi ya nne watu huicheka mwanzoni, nami nimeona kwa macho yangu kwa nini ipo. Mazoezi yarudiwe kila baada ya miezi mitatu, na kila anapoajiriwa mtu mpya, bila kuwasha mafuta halisi kamwe.

Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Kwa kidonda, hapo ndipo yale mabidoni yana kazi.

Kuchagua kwa hali yako

Kama unapika nyumbani kwa sufuria moja na chupa ndogo ya gesi, mfuniko wa sufuria hiyo na blanketi vinakutosha kwa mafuta, na poda ndogo karibu na mlango wa kutokea ni kwa vingine.

Kama una mgahawa wa karai moja la hadi lita 10, anza na mfuniko uliokatwa kwa fundi wa bati kwa kipimo cha karai lako, chupa ya gesi nje yenye robine inayofikika, na poda kwa ajili ya gesi na mbao. Fedha zikipatikana, ongeza kemikali nyevu kabla ya kufikiria poda ya pili.

Kama una hoteli yenye mashine za friti, kemikali nyevu ije kwanza, na nambari yake ya F iwe kubwa kuliko lita za mashine yako kubwa. Ongeza kaboni dioksidi kwa umeme.

Kama wafanyakazi wako hubadilika kila mwezi, chagua mfuniko hata pale ambapo ungeweza kununua kingine, kwa sababu mtu wa siku ya kwanza anaweza kuutumia baada ya kuonyeshwa mara moja.

Kama unakaanga mikate au sambaza kwa mbabula barabarani, hali yako ni ngumu kuliko zote, kwa sababu makala hayana robine ya kufunga na joto litaendelea kupanda chini ya karai hata baada ya kulifunika. Weka mfuniko, usilibebe karai, na moto wa juu ukishakufa, ziba mlango wa hewa wa mbabula kwa jivu au udongo mkavu ukiwa umesimama upande upepo unakotokea. Ndoo ya jivu hilo iwe karibu nawe tangu asubuhi, kabla hujamimina mafuta.